Hali Mahututi ya Mchanga

Mimi napima udongo. Maabara yetu iko Kitale, nyuma ya maduka ya vipuri, na majirani zangu wa Matisi wanaamini kabisa kwamba kazi yangu ni ya kilimo. Kila msimu wa kupanda kuna anayebisha hodi na udongo kwenye mfuko wa nailoni. "Nasro, hebu nipimie, utazaa?" Nimechoka kuwaeleza. Sipimi kama udongo utazaa. Napima kama utaanguka.

Mwaka huu nililetewa mchanga wa mto Nzoia na chama kimoja cha ushirika cha upande wa Bungoma. Walikuwa wanajenga uwanja wa kuanikia mahindi, na kwa hekima yao walikuwa wamechagua bonde lenye kijito, mahali ambapo hata vyura hulalamikia unyevu. Ili uwanja uwe juu, iliwabidi wajaze mchanga mpaka ufikie kimo cha ukuta wa nyumba. Malori yakaanza kumwaga. Mchanga ukawa unaangukia majini na kukaa hivyo hivyo ulivyoanguka.

Chini ya ukingo wa kilima hicho cha mchanga, kando ya barabara, palikuwa na hoteli ya Nasipwondi. Naiita hoteli kwa sababu kila mtu aliiita hivyo. Yalikuwa mabati, mabenchi na jiko la kuni, lakini maharagwe yake yangemfanya mtu asamehe deni. Madereva walikula hapo. Wajumbe wa kamati walikula hapo. Mimi nilikula hapo kila nilipoenda kuchukua sampuli, na kila nilipoinua macho kutoka kwenye sahani niliuona ule mchanga umenisimamia kichwani. Kama ungeshuka, ungeshukia hapo.

Kwa hiyo nilipima kwa makini. Kipimo chenyewe si uchawi. Unachukua kisanduku cha chuma kilichokatwa katikati, unakijaza mchanga, unauwekea uzito juu, kisha unaisukuma nusu ya chini huku ya juu imeshikiliwa. Mchanga unalazimika kukatika katikati. Kuna saa mbili za kupimia, zenye mishale: moja inakuonyesha mchanga ulivyopinga, nyingine inakuonyesha kama kifuniko kinapanda au kinashuka.

Nilipima mchanga ule ule mara mbili. Kwanza niliumwaga polepole ukakaa umelegea. Nilipousukuma, kifuniko kilishuka, kwa sababu chembe zilikuwa na nafasi kati yao na zikapata kisingizio cha kuziangukia. Mara ya pili niliushindilia ukakaa kwa kubanana. Huo ulishuka kidogo tu mwanzoni, kisha kifuniko kikaanza kupanda. Chembe zilizobanana hazina pa kwenda. Ili moja ipite lazima ipande mgongo wa mwenzake, na zikipandana mchanga unachukua nafasi kubwa zaidi. Kupanda huko ni kazi ngumu, na ugumu huo ndio nguvu yake. Saa ya upinzani ilikwenda juu sana kuliko ya mchanga mlegevu.

Kisha nikaendelea kusukuma. Mchanga uliobanana, baada ya kupanuka vya kutosha pale unapokatika, ulianza kupungua nguvu. Ule mlegevu nao ulikuwa umekwisha kujibana vya kutosha. Mwishowe yote miwili ilifika mahali pamoja, ulegevu ule ule na nguvu ile ile, ikawa inateleza bila kupanda wala kushuka. Wenzangu wa kazi huiita hiyo hali ya ukomo. Mchanga wowote ukiusukuma vya kutosha husahau ulianza vipi. Tofauti ni njia uliyopitia, na ukiwa umelowa, njia hiyo ndiyo inayoua.

Niliandika hayo kwa Kiingereza, lugha ya mkataba wao, nikamalizia kwa sentensi ambayo hata mlevi angeielewa: mchanga ushindiliwe kwa rola, tabaka baada ya tabaka, na ule uliokwisha kumwagwa majini uondolewe.

Msimamizi wa mradi aliitwa Levi. Levi ni injinia kama mimi, amesoma vitabu nilivyosoma mimi, na hicho ndicho kinachoniuma. Mjinga unaweza kumfundisha. Aliyefundishwa akaamua kupumzika, huyo huna la kumfanyia. Wanachama walitaka kusomewa ripoti kwa Kiswahili kwenye mkutano, Levi akajitolea kutafsiri, akaifanya kazi hiyo kama mtu anayefukuza kuku sebuleni.

Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikaa mbele na kitambaa changu kichwani, nikipokea salamu za "Sasa madam". Levi alisimama, akakohoa, akasoma: "Mchanga uliokazwa hufura ukisukumwa, na mwishowe hufikia hali mahututi. Mchanga uliolegea hujikaza wenyewe."

Basi. Hayo ndiyo aliyoyatoa katika ripoti nzima. Ukumbi ukaguna.

Sikuweza kuwalaumu kwa kuguna. Eneo lile watu wanaijua hasira ya udongo mweusi, ule unaofura mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi kikija. Kuna darasa walilolijenga juu yake likapasuka ukuta hata ukawa unaweza kumsalimia mwalimu ukiwa nje. Mtu wa huko ukimwambia kitu kinafura ardhini, amekwisha kuona ufa. Na hali mahututi kila mtu anaijua, maana ndiyo redio husema wakati ndugu zako wanapaswa kuanza kutafuta hema la msiba. Neno la Kiingereza la vitabuni, "critical", lilihusu mpaka ambao mchanga unaufikia na kutulia. Levi alilipeleka chumba cha wagonjwa.

Nilisimama. "Kufura kwa udongo mweusi ni kwa sababu ya kunywa maji," nilisema. "Mchanga haunywi. Chembe zake hazinenepi. Zinapandana tu, na zikipandana zinakataa kusukumwa. Kupanuka huko ndiko kunakouzuia usianguke. Na hiyo hali ya mwisho ni ya mchanga wote, hata huo mlegevu."

Mwenyekiti Eliakim alinitazama kwa huruma. Ni mzee mwenye sauti nzuri na koti zuri, amenunua na kuuza mahindi maisha yake yote. "Madam," alisema, "hii moja inafula mpaka inafika mahututi. Hiyo ingine inajikaza yenyewe bila kusumbua mtu. Sasa wewe unataka tuchukue mgonjwa, tuache mzima?"

Walicheka. Hata mchungaji alicheka, na alikuwa amesinzia.

Nikaomba gorogoro ya mahindi, lile kopo la kupimia. Ilikuwepo, kwa sababu katika ukumbi wowote wa upande ule gorogoro haikosekani. Nikamimina mahindi taratibu mpaka mdomoni. "Mzee, ungenunua hii hivi ilivyo?"

"Siwezi. Hiyo umemwaga kiwizi. Tikisa kwanza."

Nikatikisa. Mahindi yakashuka, ikabaki nafasi ya viganja viwili. Nikajaza, nikatikisa, nikajaza tena mpaka yakakataa kushuka. Kisha nikasukuma ngumi yangu ndani, na mahindi yakapanda na kumwagikia sakafuni. "Hiyo ndiyo kufura," nikasema. "Mnatikisa gorogoro ili msiibiwe, halafu mchanga wenu hamtaki kuutikisa. Rola ndiyo inayoutikisa."

Kwa muda mfupi niliona kwamba Eliakim ameelewa. Niliona macho yake yakiyafuata mahindi sakafuni. Lakini Levi alikuwa ameshikilia karatasi yake, na karatasi ina heshima kuliko gorogoro. "Injinia Nasro ni mtu wa maabara," alisema kwa upole wa kuudhi. "Sisi ni watu wa saiti. Ripoti yake mwenyewe imesema mchanga uliolegea unajikaza. Si tumesoma? Rola tuliyoikodi irudi ilikotoka." Wakainua mikono. Rola ikarudi ilikotoka bila hata kuwashwa.

Nilikataa kuweka sahihi yangu kwenye cheti cha kuukubali huo mchanga. Nilimwandikia Levi, nikawaandikia waliomwajiri Levi, nikapiga simu ofisi moja baada ya nyingine, na kila mahali niliambiwa kwamba ripoti imefika, asante. Ilikuwa imefika kweli. Ilifika katika Kiswahili cha Levi.

Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikai bure. Nilinunua maputo Matisi, nikajaza moja mchanga wa Nzoia na maji, nikilipigapiga mpaka mchanga ukabanana. Lingine nililijaza taratibu kama anayelaza mtoto. Kwenye shingo ya kila moja nikafunga kibomba kitupu cha kalamu, na badala ya maji meupe nikatia chai ya rangi, ili hata asiyetaka kuona aone. Nikayapeleka hotelini kwa Nasipwondi wakati wa chakula cha mchana, nikijua wote watakuwepo.

Eliakim alikuwa anakula. Rotich, dereva wa tipa, alikuwa benchi la pili, mtu mpole wa kutoka milimani huko Elgon, anayeshukuru chakula kabla ya kula na baada ya kula. Nikamwekea mzee puto la kwanza mkononi. "Minya," nikamwambia. "Huu ndio ule mgonjwa."

Akaminya. Kila mtu alitegemea chai iruke. Chai ilishuka ndani ya kibomba, ikapotea, na puto likawa gumu kama jiwe mkononi mwake. Akaminya zaidi na halikusogea. "Mchanga umepanuka," nikasema, "nafasi kati ya chembe zimekuwa kubwa, zikavuta maji ndani. Yanapovutwa hivyo, chembe zinazidi kubanwa pamoja. Unaweza kulisimamia."

"Na hii ingine?"

"Minya polepole."

Hakuminya polepole. Chai ilimrukia usoni, ikamchafua koti, na puto likalegea mkononi mwake likawa uji mtupu. Madereva walicheka mpaka Nasipwondi akatoka jikoni na mwiko. Huyu Nasipwondi ni mtoto wa dada yake Eliakim, humwita khocha, yaani mjomba, na ndiye peke yake aliyethubutu kumpangusa uso mbele ya watu.

Eliakim hakucheka. Aliendelea kulishika lile puto. "Maji imetoka kwa sababu mchanga imejikaza," alisema taratibu.

"Ndiyo, mzee."

"Na kama haina mahali ya kutokea? Kama imezungukwa na mchanga pande yote?"

Hilo ndilo swali. Nilitamani Levi awe pale alisikie likiulizwa na mnunuzi wa mahindi kabla yake. "Basi maji ndiyo yanabeba mzigo," nikamjibu. "Chembe zinaachana, zinaelea. Kwa muda huo hakuna mchanga tena, kuna uji wenye uzito wa mchanga. Na uji hausimami, mzee. Unatafuta mahali pa chini." Wote walijua mahali pa chini ni wapi. Walikuwa wamepakalia.

Eliakim aliweka puto mezani. "Hizi ni mambo ya watoto," akasema, akaenda.

Niliporudi mara nyingine hoteli haikuwepo. Ilikuwa imehamia ng'ambo ya barabara, juu ya mwinuko, na mabati yake yale yale. Pale ilipokuwa palibaki majivu na mfupa. "Ni khocha alinisaidia kuhama," Nasipwondi aliniambia akinimiminia chai. "Ati huku kuna hewa poa. Mi nilidhani ni mambo ya barabara."

Sikunywa ile chai. Nilimfuata Eliakim mpaka kwenye ghala lake, nikamkuta juu ya magunia. "Kwa hiyo umeelewa," nikasema.

"Nimeelewa nini?"

"Umemhamisha mpwa wako."

Alitazama kando. "Madam, mkutano iliamua. Mimi ndiye nilisimama mbele ya watu nikasema mchanga ya kuregea ndiyo mzima. Sasa nirudi niseme nini? Siwezi kura matapishi yangu."

"Na watu wanaopanda juu ya huo mchanga?"

"Levi ndiye injinia."

Nimewahi kuwadharau watu wengi, mara nyingine kwa kuonea, lakini siku hiyo nilidharau kwa haki. Levi hakujua kwa sababu alikataa kujua. Huyu alijua, akachukua ujuzi wake akautumia kwa familia kama mtu anayeficha sukari wageni wakija. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Aliniambia nimwamkie mama yangu.

Nikamtafuta Rotich. Nilimkuta anapiga tairi za tipa kwa nyundo. Nilimwambia asipande kwenye ukingo, hasa mvua ikiwa imenyesha, hasa akiwa na mzigo. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu.

"Madam, nimekusikia," alisema. "Lakini kama kulikuwa na hatari, mzee angetuambia. Eliakim si mtu mbaya. Sisi hukula pamoja."

"Amehamisha hoteli."

"Si ni hewa?" Akacheka kidogo. "Mimi kazi yangu ni kuendesha. Nikikataa kupanda, kesho kuna mwingine kwa hii kiti."

Mvua ya Aprili ilikuja kama inavyokuja kule, bila kuuliza. Kijito kilipanda na maji yakapanda ndani ya mchanga. Levi aliniita saiti nikaweke sahihi. Alidhani nikiuona uwanja ulivyosawazishwa vizuri juu nitaona aibu. Na kweli juu ulikuwa mzuri. Hata kaburi hupakwa chokaa. Alikuwa akinionyesha kwa kidole pale walipoanza kumwaga murumu, ule udongo mwekundu wa barabara, ya tabaka la mwisho. "Unaona? Umejikaza wenyewe," alisema.

Rotich alikuwa anarudi nyuma kuelekea ukingoni na tipa iliyojaa. Nilipiga kelele. Levi aliniambia nisimsumbue dereva. Sanduku la tipa liliinuka, uzito wote ukaenda magurudumu ya nyuma, mchanga ukakatika kidogo chini yake. Kidogo tu. Murumu ikateleza na mlango wa nyuma ukajigonga kwa kishindo.

Uwanja ulishuka. Hilo nililiona kabla ya yote, ulishuka kama mahindi kwenye gorogoro. Kisha maji yakaanza kuchemka juu yake, vichuguu vidogo vya matope vikitema maji mahali palipokuwa pakavu, na ukingo ukaondoka. Haukuanguka kwa mabonge kama udongo wa kawaida. Ulimiminika. Ulikwenda, na tipa ikienda nao kinyumenyume, ukavuka majivu ya jiko la Nasipwondi, ukafika barabarani, ukasimama. Maji yalipojitenga, mchanga uliganda ukimzingira Rotich ndani ya kabini mpaka kifuani.

Tulimchimba kwa majembe, sufuria na mikono. Nasipwondi alikuwa wa kwanza kushuka kutoka kule juu. Eliakim alikuja mbio na koti lake, akachimba vizuri, sitamnyima hilo. Levi alikuwa kwenye simu.

Jioni yake nilikaa uani mwa hospitali huko Bungoma pamoja na mke wa Rotich, Jelagat, aliyekuwa ameletwa kutoka Elgon akiwa bado amevaa gambuti za shambani. Nasipwondi alikuja na maharagwe kwenye chombo. Eliakim alikuwa amesimama karibu na mlango, akiikunja na kuikunjua kofia yake.

"Hiyo ukingo nilijua si mzuri," alisema, nadhani alitaka kufariji. "Nilijua."

Nasipwondi alimgeukia. Hakuinua sauti. "Ulijua, khocha? Kumbe hewa ilikuwa hiyo." Akaangalia chombo mikononi mwake. "Ulinihamisha mimi na sufuria zangu. Na huyu nilikuwa nampakulia kila siku, ukiwa umekaa hapo hapo."

Mlinzi wa getini alikuwa na redio ndogo, ikafika wakati wa habari. Walimhoji Levi kwanza. Alisema uchunguzi wa awali umeonyesha kwamba mchanga ulifura kutokana na mvua. Nilikuwa nimeupima mwenyewe mchana ule kwa kamba na kigingi: uwanja wote uliobaki ulikuwa chini kuliko asubuhi. Ulikuwa umejibana, kama alivyoahidi kwenye mkutano. Lakini neno alilokwisha kulizoea ni lile, akalitumia tena.

Kisha msomaji akasema dereva wa lori hilo amelazwa, na madaktari wanasema yuko katika hali mahututi.

Eliakim alinitazama. Koti lake lilikuwa limejaa tope mpaka mabegani. "Madam," alisema kwa sauti ya chini, "si hilo ndilo neno lilikuwa kwa lipoti?"

"Ndilo, mzee," nikamjibu. "Levi aliliweka kwa mchanga."

Jelagat hakujua tunazungumzia nini. Aliuliza kama neno hilo maana yake ni kwamba mumewe bado anapumua, nikamwambia ndiyo, bado anapumua, nikamshika mkono tukaingia ndani.